Familia sita, kisima kimoja cha mashine: kila nyumba itoe kiasi gani?

nyumba_sita
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa hesabu na wa busara pia maana tumekwama. Tupo familia sita tunaopakana, tumekubaliana tuchimbe kisima kirefu cha pamoja kile cha mashine, tuweke pampu ya kuzama, sola na tangi. Mpimaji ameshapita, anasema maji yapo kati ya mita 80 na 110 ila hatoi uhakika, mwenyewe kasema ni kama nafasi tatu kati ya nne.

Bei siweki kwa sababu kila sehemu ina bei zake, nimechukua jumla yote nikaiita mafungu 100 tuelewane kirahisi. Upimaji 3, kuchimba pamoja na kesingi yaani mabomba ya kushikilia kuta za shimo, kokoto na kukisafisha 50, pampu testi na maabara 5, pampu na mabomba yake na waya na boksi la kuiongoza 14, sola 12, tangi na mnara 16. Bomba la kutoka kwenye tangi kwenda nyumbani kila mtu atajilipia, hilo halina ubishi.

Ubishi upo hapa. Mmoja wetu analima mboga za kuuza robo eka. Mwingine ni mama mtu mzima anaishi peke yake. Mwingine ndiye mwenye kiwanja tunapochimba, anataka apunguziwe. Na mwingine anasema yeye atalipa maji yakitoka. Waliobaki wanasema gawa kwa sita yaishe, 16.67 kila nyumba. Mimi moyo unakataa ila nikiulizwa haki ni ipi sina jibu la kuwapa.

hesabu_tu
Mkuu hii mbona nyepesi, anayetumia zaidi alipe zaidi. Kadiria kila nyumba itatumia lita ngapi kwa siku halafu gawa yale mafungu 100 kwa uwiano wa lita, basi. Mambo ya kugawa sawa ndiyo yanaleta chuki baadaye.

KijanaMtulivu
Sisi tulichimba cha familia nne, mita 11, kila nyumba ilitoa kijana mmoja na saruji mifuko kadhaa, wala hatukuhitaji mahesabu. Asiye na kijana alipika. Nyie mnajichosha na mafungu.

nyumba_sita
@KijanaMtulivu nashukuru ndugu ila hicho ni kisima cha mkono. Hapa kwetu maji ya juu yana chumvi, na kwenye mwamba huku chini mkono hauendi, lazima mashine ije.

fundi_wa_kina
Nimekuwa kwenye kazi ya uchimbaji na ufungaji wa pampu muda mrefu, na ugomvi wa aina hii nimeukuta mara nyingi kuliko ugomvi wa maji yenyewe. @hesabu_tu yuko sawa nusu. Tatizo la kugawa mafungu yote 100 kwa lita ni kwamba shimo halijui litanywewa na watu wangapi. Mashine inalipwa kwa mita. Mita 100 ni mita 100 hata kama kisima ni cha mtu mmoja. Kesingi ni zile zile, kukisafisha ni kule kule, pampu testi ni ile ile. Kwahiyo kwenye makadirio yako 3 na 50 na 5, jumla 58, hazipandi wala kushuka kwa sababu fulani anaoga sana.

Kinachopanda na matumizi ni vifaa. Pampu, sola, tangi. Hapo 42 yako yote ina jina la mtu fulani ndani yake na nadhani unajua ni nani.

Nipe idadi ya watu nikufanyie.

nyumba_sita
Nyumba tano zina watu sita sita kwa wastani, mama yuko mmoja, jumla watu 31. Bustani robo eka kama mita za mraba 1,000.

fundi_wa_kina
Haya. Tuchukue lita 100 kwa mtu kwa siku, ni nyingi kidogo ila maji yakiwa bombani watu hubadilika, wasiwadanganye kwamba watabaki na ndoo mbili. Watu 31 ni lita 3,100 kwa siku.

Bustani sasa. Mboga siku ya jua kali zinataka maji ya kina cha milimita tano hivi, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mita 1,000 ni lita 5,000 kwa siku. Ona hapo, bustani peke yake inakunywa kuliko watu wote 31.

Sola inakupa saa sita hivi za kupampu kwa nguvu. Bila bustani mnahitaji pampu ya lita mia tano na kitu kwa saa. Na bustani mnahitaji kama lita 1,350 kwa saa, pampu kubwa zaidi, paneli zaidi, tangi kubwa zaidi. Rudi kwa aliyekupa makadirio umwambie akupe bei ya pili ya vifaa vya kuhudumia watu 31 tu bila bustani. Tofauti ya zile bei mbili ndiyo ya mwenye bustani, yake peke yake. Kinachobaki ndiyo mkae mgawane.

BustaniKwanza
Naongea kama mtu mwenye bustani maana naona wote mmemgeukia mwenzangu. Kwanza mimi namwagilia kwa matone, silowanishi njia, nalowanisha matuta tu, kwenye mita 1,000 labda 700 ndiyo zinapata maji, kwahiyo ni 3,500 siyo 5,000. Pili mvua ikinyesha simwagilii kabisa miezi mingine. Tatu bila huyo mwenzangu hao wengine wangepata wapi mtu wa sita wa kuchangia? Mtu akiambiwa alipe kwa lita kama anavyosema hesabu_tu hapo juu atabeba karibu mafungu 70, bora achimbe kisima chake afunge geti.

hesabu_tu
Nimepiga, ni kweli. Kwa lita 8,100 nyumba ya bustani inatumia 5,600, inabeba 69. Nyumba za kawaida 7.4. Mama 1.2. Dah hiyo ya mama 1.2 kwa kisima kizima hata mimi naona ni ndogo, wakati kiwanja chake kinapanda thamani sawa na cha jirani.

fundi_wa_kina
@BustaniKwanza hoja ya matone ni ya kweli na ipunguze hesabu. Ila hata 3,500 bado ni zaidi ya watu wote. Hoja ya mvua haipunguzi kitu kwenye kununua vifaa, kwa sababu pampu na tangi vinanunuliwa kwa ajili ya mwezi mbaya kuliko yote. Itapunguza gharama ya kila mwezi, hiyo ni mazungumzo mengine.

Kuhusu mtu wa sita, hapo ndipo watu hawapigi hesabu. nyumba_sita ukipata ile bei ya pili rudi hapa.

mamaT
Naomba niweke ya kwetu maana naona mnagawana bei ya pampu ambayo hamjui kama ndiyo yenyewe. Sisi tulikuwa nyumba nane. Tulikusanya hela zote siku moja, ya kuchimba na ya vifaa, tukamkabidhi mkandarasi. Akachimba, maji yakaruka juu watu wakapiga vigelegele, akapuliza na kompresa kama saa moja akaandika kwenye karatasi lita 3,000 kwa saa. Siku hiyo hiyo pampu ya kuendana na hiyo karatasi ikaletwa, ilikuwa imeshanunuliwa.

Kiangazi kilipofika bomba linakohoa, maji yanakuja meupe kama maziwa yana hewa ndani, baada ya muda kidogo yanakata, ukisubiri saa mbili yanarudi. Hatukujua hiyo ni dalili. Ndani ya boksi la kuiongoza pampu hakukuwa na kile kifaa cha kuizima maji yakishuka, ikazunguka bila maji hadi ikaungua. Hapo ndipo vita ilianza, nani analipa pampu mpya, wengine wanasema ni wale wenye mifugo walioifanyisha kazi, wengine wanasema ni ya wote. Nyumba mbili zilijitoa na hadi leo hazisalimiani na sisi vizuri.

fundi_wa_kina
Pole sana dada mamaT, na asante kwa kuileta, maana hii inaathiri mgawanyo moja kwa moja. Maji yanayoruka wakati wa kupuliza yanakuonyesha kwamba maji yapo, hayakuonyeshi kisima kinaweza kutoa kiasi gani siku baada ya siku. Pampu testi ya kweli ni kuweka pampu ya majaribio na kuvuta kwa kiwango kimoja saa 24 kwa kisima cha watu wengi kama hiki, huku mtu anashusha kamba ya kupimia na kuandika maji yameshuka mita ngapi, mwanzoni kila dakika na baadaye kila nusu saa. Unachotaka kuona ni maji yanashuka halafu yanatulia. Yakiendelea kushuka hadi mwisho wa testi bila kutulia, kile kiwango ni kikubwa mno kwa kisima hicho. Halafu unazima na kuangalia yanarudi kwa kasi gani.

Kwahiyo nyumba_sita, msikusanye mafungu 42 ya vifaa kabla ya testi. Kusanyeni kwa awamu. Awamu ya kwanza upimaji. Ya pili uchimbaji na testi. Ya tatu, mkiwa na karatasi ya testi mkononi, ndiyo mnachagua pampu na mnajua kama bustani inawezekana au haiwezekani. Ikitoka kisima kinatoa lita 700 kwa saa, ubishi wa bustani unakufa wenyewe, robo eka haitamwagiliwa kwa kisima hicho na mwenye bustani analipa kama nyumba ya kawaida.

BustaniKwanza
Hapo mkuu umesema jambo ambalo hata mimi sikuwaza. Kwahiyo mwenye bustani atachangia shimo bila kujua kama atapata maji ya bustani?

fundi_wa_kina
Ndiyo. Anachangia shimo kama nyumba. Akitaka ahadi ya bustani kabla ya kuchimba hakuna mtu mkweli anayeweza kumpa.

nyumba_sita
Nimerudi. Nimemuuliza, vifaa vya watu 31 tu vinakuja mafungu 30 badala ya 42. Kwahiyo bustani inaongeza 12.

fundi_wa_kina
Safi. Sasa jumla bila bustani ni 58 na 30, yaani 88. Gawa kwa sita ni 14.67. Mwenye bustani analipa 14.67 na 12 juu, 26.67. Watano wengine 14.67.

Jipime hivi. Mkigawa sawa 16.67 kila mtu, linganisheni na hali ambayo mwenye bustani hayupo kabisa. Watano mngelipa 88 gawa kwa tano, 17.6, maana vifaa havipungui sana kwa kutoka nyumba moja. Kwa hiyo kwa kugawa sawa mngeokoa chini ya fungu moja kila nyumba, halafu mnampa zaidi ya nusu ya maji. Hilo ndilo lilikuwa linakukataza moyoni ulipoandika uzi. Kwa upande wake yeye, akichimba peke yake analipa shimo zima 58 na vifaa juu, hakuna namna atashuka chini ya 80. Kwa hiyo 26.67 ni nafuu kubwa kwake na wengine wanaweza hata kumuomba aongeze kidogo, kati ya hapo na 69 kuna nafasi kubwa ya kuongea. Mimi ningeishia 26.67 kwa sababu ina maelezo ambayo kila mtu anaweza kuyafuata kwa kidole kwenye karatasi.

hesabu_tu
Sawa nimeshawishika kwenye shimo. Ila kwenye vifaa 30 zile za watu 31 mbona bado mnagawa kwa nyumba? Vifaa umesema vinafuata matumizi. Basi gawa hizo 30 kwa vichwa. Mama anakuwa na 9.67 ya shimo na kama 0.97 ya vifaa, jumla 10.6. Nyumba za watu sita 9.67 na 5.8, jumla 15.5 hivi. Bustani 27.5.

shangazi_wa_watatu
Asante kijana, nilikuwa nasubiri mtu amtaje mama. Mimi pia naishi peke yangu na kwenye vikao vya namna hii mtu wa peke yake anahesabiwa nyumba nzima siku ya kuchanga, siku ya maamuzi hahesabiwi kabisa. Hizo 10.6 naona ni haki.

mwenye_kiwanja
Ila shangazi na heshima zote, vichwa vinabadilika. Leo mama yuko peke yake, mwakani analeta wajukuu watano, au anapangisha vyumba vya nyuma. Vifaa vimeshanunuliwa kwa hesabu ya kichwa kimoja. Mtaenda kuhesabu watu kila mwaka?

shangazi_wa_watatu
Hata wale wenye watu sita vijana wao wataoa na kuhama mwanangu. Mbona hao hamsemi watarudishiwa?

fundi_wa_kina
Wote mna hoja na sijawahi kuona jibu moja lililowaridhisha watu kila mahali. Nimeona wanaogawa kwa nyumba, nimeona wanaogawa kwa vichwa, zote zimedumu mradi ziliandikwa. Sehemu moja walikubaliana nyumba ya mtu mmoja au wawili inalipa nusu ya vifaa, na ikiongeza wapangaji inalipa ile nusu iliyobaki kabla bomba halijapanuliwa. Ninachoshauri ni msihesabu vichwa zaidi ya mara moja.

nyumba_sita
Na huyu wa kulipa maji yakitoka? Huyu ndiye ananiumiza kichwa kuliko wote kwa sababu wengine wawili wameanza kusema na wao watasubiri.

fundi_wa_kina
Huyo mwiteni mmuonyeshe hesabu kwa upole, maana mara nyingi hana nia mbaya, anaogopa tu kupoteza.

Shimo likiwa kavu kesingi hazishushwi, kwahiyo hampotezi 50 yote. Muulize mchimbaji, kwa makadirio kama yenu kuchimba kwenyewe mara nyingi ni kama 35. Ongeza upimaji 3, hasara yenu ni 38, gawa kwa sita ni 6.33 kila nyumba. Hiyo ndiyo hela ya hatari. Asiyetoa sasa ameikwepa na wenzake wameibeba.

Mpimaji kasema nafasi tatu kati ya nne. Anayelipa tu siku maji yakitoka, ili awe sawa na aliyelipa gizani, zile 6.33 azigawe kwa 0.75, inakuja 8.44. Kwa hiyo anaongeza 2.1 hivi juu ya sehemu yake. Si adhabu, ni ile hatari aliyobebewa. Na mpimaji akiwa na mashaka zaidi nyongeza inakuwa kubwa, ikiwa nusu kwa nusu zile 6.33 zinakuwa 12.66. Mwambieni achague mwenyewe, nafuu sasa au uhakika baadaye, yote ni sawa.

mamaT
Ongezea hapo fundi, tatizo si nyongeza tu. Mchimbaji hasubiri. Hela ya kuchimba lazima iwepo yote gari likifika, kwahiyo watano watakopa wapi sehemu ya huyo wa sita? Wakiwa watatu wanaosubiri gari haliji kabisa.

fundi_wa_kina
Kweli kabisa. Hiyo njia inabeba mtu mmoja, wa pili kwa shida. Wakiwa zaidi ya hapo ahirisheni.

mwenye_kiwanja
Sasa ya kwangu. Mimi kwetu ndiye niliyetoa eneo. Watu wakaniambia wewe utapata maji bure, nikafurahi. Baadaye niliona ubaya wake, kila pampu ikiharibika wanasema anayekunywa bure ndiye anaimaliza, na mimi sina sauti kikaoni kwa sababu silipi. Kama mwenzetu huyo anataka kupunguziwa nashauri asichukue maji ya bure. Wapime kile kipande, wakipe thamani kama kiwanja kingine chochote cha ukubwa huo, kihesabiwe ni mchango wake kwenye shimo. Halafu maji alipie kama wote.

hesabu_tu
Kipande chenyewe kina ukubwa gani? Kisima si kama ndoo tu pale juu?

mwenye_kiwanja
Kisima ni kidogo, njia ndiyo kubwa. Gari la kuchimbia linataka kuingia na kugeuka, na siku pampu ikiharibika lazima gari au winchi ifike tena. Kuna nyumba jirani na kwetu walijenga paa la jiko juu ya kisima kuzuia jua. Pampu ilipokufa, mabomba ya chuma yale ya mita sita sita yanatakiwa kuvutwa yakiwa yamesimama, paa linagusa. Ilibidi bati zing'olewe na boriti mbili zikatwe, na mwenye jiko akadai alipwe na kikundi. Kwahiyo muandike kabisa upana wa njia na kwamba juu ya kisima hakujengwi kitu, na hiyo karatasi iwe ya kumfunga hata atakayenunua kiwanja kesho. Ikiwezekana iingie kwenye hati ya ardhi, maneno ya kikundi peke yake mnunuzi hayajui.

nyumba_sita
Hili la mnunuzi hatukuwa tumeliwaza kabisa. Asante sana kaka.

KijanaMtulivu
Nimesoma yote nimeelewa sasa kwanini mnapiga hesabu. Swali dogo, baada ya miaka minne mtu wa saba akija anataka kuungwa analipa nini? Kwetu wanakuja hivyo.

hesabu_tu
Gharama ya mwanzo gawa kwa saba.

fundi_wa_kina
Umekaribia. Kwanza angalieni karatasi ya testi kama kisima kinamuweza, kama hakimuwezi hakuna bei. Kikimuweza, msitumie bei ya mwaka ule, tumieni bei ya leo ya kufanya kitu kile kile, halafu mtoe uchakavu. Shimo lililochimbwa vizuri mkilihesabu miaka 25, la miaka minne limebaki na 21 kati ya 25. Pampu mkiihesabu miaka minane imebaki nusu. Gawa kwa saba. Na hiyo hela wagawane waliotangulia, isiingie kwenye mfuko wa matengenezo. Nimeona wakiitia kwenye mfuko, mwaka huo wakaacha kuchangia matengenezo kwa sababu mfuko umejaa, ikaisha bila kujulikana.

nyumba_sita
Wakuu tumekaa jana jioni. Shimo 58 tumegawa kwa sita, limepita bila kelele. Mwenye bustani kakubali 12 ya nyongeza ila kwa sharti kwamba tusubiri testi kwanza, na sote tumeona ni sawa. Kusanyo la vifaa limesogezwa hadi baada ya testi. Huyu wa kusubiri alipoonyeshwa 6.33 na 8.44 alikaa kimya kidogo, akasema atatoa nusu sasa na nusu mwezi ujao, gari halitaitwa kabla. Mama na vichwa hatujamaliza, watatu wanataka nyumba, watatu wanataka vichwa, na mama mwenyewe alisema msigombane kwa ajili yangu. Kiwanja bado, mwenyewe anataka mtu wa kukithaminisha asiwe ndugu wa yeyote kati yetu.

Kuna kingine nimesahau kabla hatujasaini na mchimbaji?

fundi_wa_kina
Mwisho wa kuchimba. Makadirio yenu yamesimama kwenye mita 100. Mkifika 100 hakuna kitu, mchimbaji atawageukia aseme tuongeze 20 maji yako karibu, mashine inanguruma, watu wamesimama wanaangalia, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema basi. Kwa bei yenu mita 20 ni mafungu 7, zaidi ya fungu moja kila nyumba, na zinatoka siku hiyo hiyo. Amueni leo mtasimama mita ngapi. Mpimaji kasema 80 mpaka 110, mimi ningeandika 120 kama mwisho, na kila nyumba itenge hiyo ziada mapema, isipotumika irudi kwake. Halafu chagueni mtu mmoja atakayekuwepo pale muda wote, ahesabu vyuma vinavyoshuka mwenyewe na kuviandika, kila chuma kina urefu unaojulikana, muulize mchimbaji kabla hajaanza. Msilipe mita ambazo hamkuzihesabu.

mamaT
Na huyo mtu asiwe mwenye kiwanja wala mwenye bustani.

nyumba_sita
Tutamweka binti wa mama, ni mwalimu na hana upande. Nikipata karatasi ya testi nitaileta hapa muisome kabla hatujanunua pampu.